Bapi ya Mezani kwa Wenye Magoti Yanayouma

Ndugu zangu, wengi mkisikia bapi mnawaza kujitupa chini na kuruka juu. Lakini Royal Burpee, Mmarekani aliyebuni zoezi hili miaka ya 1930 ili kupima uwezo wa mwili, hakuweka mruko wala pushapu. Mtu alichuchumaa, akarusha miguu nyuma, akairudisha, akasimama. Basi ukiacha kuruka, usijione umedanganya.

Goti linaumizwa na mambo mawili: kishindo cha kutua, na kuchuchumaa hadi chini, maana kadiri linavyokunjika huku limebeba uzito ndivyo pia ya goti inavyokandamizwa. Kinachopandisha mapigo ya moyo ni kingine kabisa: mwili mzima kushuka na kuinuka bila kusita. Hicho tunakibakiza.

Tafuta meza nzito au kiti imara, ukiegemeze ukutani kisiteleze. Sukuma makalio nyuma, kunja magoti kidogo tu, weka viganja ukingoni. Peleka mguu wa kulia nyuma, kisha wa kushoto, mpaka mwili unyooke toka kichwani hadi visiginoni, kiuno kisibonyee. Rudisha mguu mmoja mmoja, simama wima, inua mikono juu na unyanyuke kwenye vidole vya miguu. Raundi inayofuata anza na wa kushoto.

Kuna mama mmoja ninayemfundisha, alianza na kiti. Kushuka hakukumsumbua, goti lilimchoma kila aliporudisha mguu mbele. Nikainama nimtazame kwa ubavuni: alikuwa anatua kwa ncha ya vidole, kisigino kikiwa hewani, na goti linaangukia ndani. Tukahamia mezani, nikamwambia akanyage kwa upana wa mabega, kisigino kiguse sakafu kabla hajainuka. Maumivu yakaisha siku ile ile.

Sasa akauliza, “Mwalimu, meza si imelifanya jepesi mno?” Kwa mikono na magoti, ndiyo. Kwa moyo, tunaongeza kasi. Alifanya sekunde 20, akapumzika 40, mara 6. Mizunguko miwili ya kwanza aliniongelesha vizuri. Ya nne alinijibu maneno matatu, akavuta pumzi. Hapo ndipo tunapopataka. Akishindwa kutamka hata neno, tunarefusha mapumziko.

Kwa hiyo ukitaka mapigo yapande zaidi, punguza mapumziko, usikimbilie kushusha kimo cha kitu unachoshikilia. Kimo kishuke pale tu goti litakapokaa kimya wiki mbili. Na ukipigwa na kizunguzungu unapoinuka, ongeza kimo na usimame polepole.

Goti lihukumuni asubuhi yake. Likiamka limevimba, au linauma kuliko jana, rudi kwenye meza na upunguze raundi. Likikwama au likikuachia ghafla, au kifua kikibana, acha zoezi na umwone daktari.

Haya, sogezeni meza ukutani, tujaribu raundi moja pamoja.