Jinsi ya Kujiandaa Kuongea na Afisa wa Kodi kwa Simu, na Barua ya Kufuatilia Mliyokubaliana

Haya, karibuni tena. Mimi ni yule mama wa madaftari ya mauzo na manunuzi, bei ileile, Morogoro mjini naleta mwenyewe. Leo siuzi lakini. Leo nataka tuandae simu ya TRA, maana nimechoka kupigiwa na watu wanaoniambia, "Dada, nimeshaongea na afisa, yameisha." Nikiuliza mmekubaliana nini, kimya.

Tutumie kesi ya kweli ya mteja wangu mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kanikubalia niionyeshe bila jina lake. Karatasi ni hii... ngoja, ngoja. Namba yake ya TIN inaonekana. Naifunika na kidole. Mnaona kidole changu tu? Sawa.

Mwaka jana alikadiriwa kulipa 2,400,000, yaani 600,000 kila awamu: Machi, Juni, Septemba na Desemba. Alilipa Machi, akalipa Juni. Septemba biashara ikalala, hakulipa, na Desemba vilevile. Kwa hiyo kwa hesabu yake anadaiwa 1,200,000. Barua aliyopokea inasema 1,800,000. Kuna 600,000 imepotelea wapi?

Kabla hujapiga simu, kaa na risiti zako. Tulipozikagua tukakuta ya Juni ililipwa vizuri kabisa, ila ilipoombwa kontroo namba mwaka wa kodi uliojazwa ulikuwa wa nyuma. Hela imefika, imekaa kwenye mwaka usio wake. Hapo unaona kwamba hii si simu ya kulalamika "mmenionea". Ni simu ya kuomba malipo yahamishwe.

Sasa chukua karatasi moja. Moja tu, ukurasa mmoja, kalamu nyeusi. Hii ya bluu mnaiona? Hamuioni, jua limepiga. Basi nasoma.

Juu kabisa nimeandika TIN, namba ya barua waliyotuma na tarehe yake. Chini yake, ninachokijua na ushahidi wake: "Juni, 600,000, risiti ipo mkononi." Kisha ninachoomba, maombi mawili tu: malipo ya Juni yahamishiwe mwaka sahihi, na deni linalobaki lilipwe kwa awamu. Halafu pembeni, kwa maandishi madogo, kiwango ambacho kweli ninaweza kukilipa.

Hapo kwenye awamu tulibishana. Mteja alitaka 400,000 mara tatu, Januari, Februari, Machi. Nikamuuliza, Machi si ndiyo awamu ya kwanza ya mwaka mpya? Utalipa zote mbili kwa duka lipi? Tukaifuta. Tukaandika 600,000 tarehe 30 Januari na 600,000 tarehe 27 Februari. Zote Ijumaa. Tarehe 31 Januari ni Jumamosi, na mimi na Jumamosi ya benki hatupatani.

Mstari wa mwisho wa karatasi ni wa kujizuia: USIKADIRIE MAUZO KWA MDOMO. Ukiulizwa "kwa mwezi unauza kama ngapi hivi?", na huna daftari mbele yako, jibu: "Naomba nikaangalie kumbukumbu, nitakujibu kwa maandishi." Basi. Kimya. Usijaze ukimya huo na namba.

Kupiga simu mnajua, sitawafundisha. Salamu, jina, TIN, unatokea kata gani. Ila kama ni yeye aliyekupigia kwa namba usiyoijua, chukua jina lake na kituo chake, kata simu, kisha piga ofisini kumuulizia. Na kodi inalipwa kwa kontroo namba. Anayekuambia utume kwenye namba yake binafsi, huyo mkatie simu.

Ukiwa kwenye simu andika saa. Mteja alipiga Jumanne, tarehe 13 Januari 2026, saa 4:20 asubuhi. Mwishoni soma ulichoandika: "Afisa, naomba nirudie kama nimekuelewa." Hapohapo afisa alimsahihisha. Hakusema kwamba awamu zimekubaliwa. Alisema ataletewa maombi, atayapeleka kwa meneja. Ni vitu viwili tofauti, jamani! Na aliulizwa kuhusu riba: kuongezewa muda si kusamehewa riba, itaendelea kuhesabiwa. Ungejuaje bila kurudia?

Jogoo huyo... Nenda kule! Samahani.

Barua sasa. Iandike siku hiyohiyo au kesho yake. Anwani yako juu kulia, tarehe, kisha Meneja wa TRA wa mkoa wako, siyo afisa binafsi. Afisa akihamishwa, ofisi inabaki. Yetu inasema hivi:

"YAH: MAOMBI YA KUHAMISHA MALIPO NA KULIPA DENI KWA AWAMU. Rejea kichwa cha habari hapo juu na mazungumzo yangu kwa simu na afisa wako, tarehe 13 Januari 2026, saa 4:20 asubuhi. Nilielezwa kwamba malipo ya Juni, Sh 600,000, yatahamishiwa mwaka husika baada ya kuwasilisha risiti, ambayo naiambatanisha. Kuhusu Sh 1,200,000 zinazobaki, naomba kulipa Sh 600,000 tarehe 30 Januari na Sh 600,000 tarehe 27 Februari. Naomba uthibitisho wa maandishi."

Jina la afisa liweke, hapa nimelitoa kwa sababu ya kamera. Mmeona neno "nilielezwa"? Na "naomba"? Hatukuandika "tulikubaliana nilipe kwa awamu", kwa sababu hawakukubaliana.

Sasa sikilizeni hapa. Chapa NAKALA MBILI. Moja inabaki masijala, ya pili inagongwa muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe, unarudi nayo. Mimi mwaka mmoja niliacha barua moja, nikaondoka nikicheka. Miezi miwili baadaye haionekani, na mimi sina hata kipande cha ushahidi. Nililia kwenye bajaji. Nakala mbili! Na ukipewa yako, iangalie kabla hujatoka mlangoni: muhuri upo, tarehe inasomeka? Wa kwetu huu hapa... nasogeza kamera... tarehe imefifia, mnaona? Tulirudi dirishani, wakagonga tena. Ndiyo maana ina mihuri miwili.

Na kama barua uliyopokea ni tathmini ya kodi na huikubali, hii barua yetu haikusaidii. Simu haisimamishi siku. Una siku 30 tangu ulipopokea tathmini kuweka pingamizi la maandishi, na ndani ya siku hizo unalipa kiasi usichobishia au theluthi moja ya kodi iliyotathminiwa, kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili. Ukishindwa kulipa hicho, unaomba kwa maandishi upunguziwe. Nimeona mtu kapiga simu nne za heshima kabisa, siku ya 31 ikamkuta sebuleni.

Mteja wetu jibu la meneja bado hajalipata. Tarehe 30 atalipa ile 600,000 hata kama halijafika, na risiti tutaibana nyuma ya nakala yenye mihuri miwili. Kabla ya kuomba kontroo namba, mwaka wa kodi tutausoma kwa sauti, yeye na mimi. Haya, betri imebaki nne. Wa madaftari, nipigieni.