Mpishi Hajaja Leo, Nani Anashika Jiko?

ZAITUNI: Karibuni tena kipindini. Leo tunaongea na wenye hoteli ndogo, za vyumba 10 hadi 20, kuanzia Busia mpaka Arua. Kaka Musa, nianze moja kwa moja. Saa 11 alfajiri simu inaita, mpishi anasema mtoto ameshikwa na malaria, haji. Hotelini wamelala wageni 16 na wote wanataka chai. Nani anaingia jikoni?

MUSA: Dada, kabla hatujamtafuta huyo mtu, tujiulize jambo hili hutokea mara ngapi. Mabosi wengi hulichukulia kama ajali. Chukua hoteli ya vyumba 14 yenye wafanyakazi 9: watatu jikoni, watatu vyumbani, watatu mapokezi. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa kila mmoja siku ya kupumzika kila wiki, kwa hiyo kila siku kuna angalau mmoja aliye nyumbani. Likizo ya mwaka ni siku 21 kwa kila mtu, mara 9 unapata 189. Akijifungua mmoja, ana likizo ya siku 60 za kazi. Na bado hatujamhesabu mgonjwa.

ZAITUNI: Yaani siku ya watu wote 9 kuwepo haipo.

MUSA: Karibu haipo. Ndiyo maana nasema kufundishana kazi kuwe sehemu ya ratiba, si jambo la kukimbilia asubuhi ile simu inapoita.

ZAITUNI: Sasa turudi kwa mpishi wetu. Wengi wangesema, mwite mhudumu wa vyumba, si naye anajua kupika nyumbani?

MUSA: Mwite, lakini angalia anatoka wapi kwenda wapi. Ndani ya siku moja, mtu anaweza kutoka jikoni kwenda vyumbani. Kutoka vyumbani kwenda jikoni, hapana. Mtu aliyeosha vyoo na kukunja shuka chafu hawezi kushika mkate wa mgeni hata kama amenawa mikono, kwa sababu uchafu unabaki kwenye nguo. Bahati nzuri saa za kazi zinakubaliana na kanuni hiyo. Chai ya asubuhi ni saa 12 na nusu mpaka saa 3 na nusu, na vyumba vinaanza kuachwa kuelekea saa 4. Kwa hiyo mhudumu anaanza jikoni akiwa na sare safi na kilemba, anamaliza, anabadili nguo, ndipo anachukua ndoo.

ZAITUNI: Na vyumba je? Si vitachelewa?

MUSA: Tuhesabu pamoja. Vyumba 11 vina wageni, 6 wanaondoka, 5 wanabaki. Chumba cha anayeondoka kinataka kama dakika 40, cha anayebaki dakika 20. Jumla dakika 340. Siku hiyo wahudumu ni wawili, mmoja yuko jikoni. Aliyebaki anaanza saa 3 na vyumba vitatu ambavyo wageni wake wanabaki lakini wameshatoka kwenda mjini, hiyo ni dakika 60. Saa 4 mwenzake anajiunga. Zimebaki dakika 280, mnagawana, mnamaliza saa 6 na dakika 20. Wageni wapya wanaanza kupokelewa saa 8 mchana. Mmepata nafasi ya kutosha.

ZAITUNI: Lakini huyo mhudumu anapika nini? Asijaribu menyu nzima.

MUSA: Hapo ndipo wengi hukosea. Wanataka mtu wa akiba awe mpishi kamili. Mfundishe menyu moja ya dharura, iliyoandikwa na kubandikwa ukutani: chai ya maziwa, mayai, chapati iliyosukumwa jana na kuhifadhiwa kwenye friji, katogo ya matoke na karanga, na matunda. Basi. Anajua maziwa yachemke kabisa, anajua mayai ya mgeni yaive mpaka kiini, anajua ubao wa kukatia nyama mbichi haukatiwi matunda. Oda ya nyama ya watu 30 mchana haimhusu. Hiyo inasubiri mpishi, au bosi anamweleza mteja ukweli.

ZAITUNI: Na mpishi akienda kusaidia vyumbani?

MUSA: Kitu cha kwanza anachofundishwa ni dawa. Mtu wa jikoni amezoea Jik, anaona choo kimeganda uchafu, anamwaga Jik juu ya dawa ya choo yenye asidi ili ing'ae zaidi. Inatoka gesi ya klorini, chooni hakuna dirisha la maana, kifua kinabana papo hapo. Kwa hiyo ni dawa moja, imwagiwe maji mpaka iishe, ndipo nyingine ikihitajika. Na vitambaa viwe vya rangi tofauti: cha choo kisiguse sinki wala meza.

ZAITUNI: Ngoja, vipi kama aliyekosekana ni mgonjwa wa tumbo? Kuna mabosi wanasema, asipike, aende kufua.

MUSA: Hapana, dada. Anayeharisha au kutapika akae nyumbani mpaka zipite saa 48 tangu dalili ziishe. Ukimhamishia kwenye shuka umehamisha ugonjwa tu. Kwa sheria yetu ana haki ya mshahara wa ugonjwa, na bosi akimlipa bila kumsumbua, kesho hatamficha kwamba anaumwa.

ZAITUNI: Twende mapokezi. Hapa mimi ndiko naona wenye hoteli wanaogopa, kwa sababu ya pesa.

MUSA: Na wana sababu. Hoteli ndogo inalindwa na jambo moja: mapokezi wanaandika vyumba vilivyouzwa, na mhudumu wa vyumba anaandika vilivyolalwa, na ni watu wawili tofauti. Ukimweka mhudumu mapokezi usiku, halafu asubuhi yeye huyo huyo anaandika hali ya vyumba, anaweza kuuza chumba namba 9 bila risiti, akatandika mwenyewe, na hakuna daftari litakalosema. Sisemi ni mwizi. Nasema umemwacha mtu mwaminifu bila ushahidi siku pesa zikipotea.

ZAITUNI: Basi afanyeje bosi mwenye watu wachache hivyo?

MUSA: Aliyekaa mapokezi leo, kesho asubuhi haandiki hali ya vyumba. Anaandika mwenzake, au mpishi, au bosi anazunguka mwenyewe na funguo. Na mahali pa kufulia pahesabiwe shuka: kitanda kimoja shuka mbili. Zikizidi za vitanda vilivyo kwenye risiti, na hakuna mgeni aliyeomba kubadilishiwa, uliza swali. Na pesa za simu: mtu wa akiba asikubali ujumbe anaoonyeshwa kwenye simu ya mgeni. Aangalie salio kwenye simu ya hoteli kwanza, ndipo atoe ufunguo. Pia ahesabu pesa za droo mbele ya anayemwachia, wote wawili watie saini.

ZAITUNI: Mafunzo yenyewe yaanze lini?

MUSA: Siku ambayo wageni ni wachache. Anatazama, anafanya mwenzake akiwa pembeni, halafu anafanya peke yake mwenzake akiwa ndani ya hoteli lakini hagusi kitu. Karatasi ukutani inaonyesha majina na kazi, na kila kazi iwe na mtu wa akiba asiyetoka idara ile ile, kwa sababu idara moja huenda ikaumwa pamoja. Halafu malipo. Akifanya kazi yenye mshahara mkubwa kuliko wake, alipwe tofauti ya siku hiyo. Akipita saa 48 kwa wiki, ziada ni mara moja na nusu. Bosi anayetaka kufundisha watu kazi mbili ili alipe moja, watu watajifunza, kisha watakwenda hoteli ya jirani na ujuzi wake.

ZAITUNI: Hata wale wa zamani?

MUSA: Wale wa zamani ndio wa kwanza kuondoka, kwa sababu wao ndio wanaojua kazi zote.