Barua ya kuomba awamu ya pili: anza na salio

Jamani asanteni kwa kufika, najua wengine mmetoka Tandahimba na Nachingwea alfajiri, basi niende moja kwa moja. Nimeombwa niongelee barua ya kumwomba mfadhili awamu inayofuata ya fedha, na nitaongelea barua moja tu, ya mradi wetu wa matangi ya mvua kwenye shule za msingi kule juu Newala, kwa sababu hiyo ilinifundisha kwa machungu.

Awamu ya kwanza tulipewa milioni 36, kuanzia Januari mpaka Juni 2024. Tulitumia 29,160,000, zikabaki 6,840,000. Miezi sita inayofuata tulihitaji milioni 34. Sasa mhasibu wetu kijana alikuwa ameshaandika "tunaomba milioni 34", nikamwambia mwanangu subiri, mfadhili anajua tuna hela benki, kitu cha kwanza atakachofanya ni kutoa salio kwenye ombi lako. Ila na yeye asitoe lote, maana ndani ya lile salio kuna 4,200,000 za fundi, mkataba umesainiwa, kamaliza mifereji anasubiri kukaguliwa tu. Hiyo hela ipo benki lakini siyo yetu tena. Kwa hiyo salio huru ni 2,640,000, na ombi ni milioni 34 toa hiyo, yaani 31,360,000. Na angalieni, zile za fundi zisije zikaonekana tena kwenye bajeti ya awamu ya pili, hapo utakuwa umeziomba mara mbili na watu huliona hilo haraka sana.

Haya, mkataba wetu ulisema huwezi kuomba mpaka utumie asilimia 80 ya ulichopewa. Sisi tuko 81, tukafurahi. Jioni napitia vocha nakuta milioni moja na nusu ya mafunzo ya kamati za maji ni masurufu, mwenzetu kachukua kaenda nayo Newala, hajaretaya. Masurufu siyo matumizi jamani!! Ile ni hela iliyo mkononi mwa mtu, inakuwa matumizi siku karatasi zinaporudi. Ukiitoa hiyo tunashuka mpaka kwenye 76 na ushee, barua haina miguu. Wengine waliniambia tutume tu, karatasi zitakuja, nikakataa, kwa sababu saini pale chini ni yangu na mkaguzi akija anaanza na masurufu. Mwenzetu akashuka Jumatatu na orodha ya posho yenye saini za wajumbe na risiti ya EFD ya chakula, tukahesabu zikafika zote, ndio barua ikatoka.

Sasa kwenye muhtasari wa matumizi. Ujenzi bajeti milioni 20, tumetumia 18 na nusu, hapo hakuna maneno. Utawala 6, tumetumia 3,960,000. Mafunzo 6 tumetumia moja na nusu tu, tukaeleza kwamba mwezi wa 6 watu wako kwenye mikorosho wanapuliza salfa, kamati haikai, mafunzo tumeyasogeza. Usafiri ndio palipotuuma, bajeti milioni 4, tumetumia 5,200,000. Mkataba unaruhusu kifungu kizidi kwa asilimia 10, yaani laki 4, sisi tumezidi kwa milioni moja na laki mbili.

Mimi nikaandika "gharama zimepanda kutokana na kimbunga Hidaya na kukatika kwa barabara". Kweli mwezi wa 5 barabara ya Dar ilikatika kule Somanga, nani hapa hakumbuki. Ofisa wa mfadhili akanipigia, akaniuliza kwa upole tu: mama, kwenye viambatanisho saruji mmenunua hapo hapo Mtwara, barabara ya Dar inahusikaje? Nikakaa kimya. Sababu ilikuwa ya kweli ila sikuifunga na risiti yoyote. Saruji haikuhusika kabisa, yaliyokwama ni matangi ya plastiki ya lita elfu 10 yaliyokuwa yanatoka Dar, lori likakaa siku nyingi, tukalazimika kupakua na kukodi lori la pili upande wa huku. Nikaandika upya: lori la kwanza kiasi gani, la pili kiasi gani, risiti namba fulani na fulani, tarehe zake. Mistari minne.

Wakakubali laki 4 zilizo ndani ya ruhusa. Laki 8 zilizobaki wakasema tulipaswa kuomba kibali kwa barua siku ile ile lori lilipokwama, kabla ya kukodi la pili, na hata emeili ya mistari miwili ingetosha. Wakazikata kwenye awamu ya pili. Kwa hiyo tulioomba 31,360,000 tukapokea 30,560,000, na zile laki 8 tukazilipa kwa michango ya wanachama, mpaka mwezi wa 12 ndio tukamaliza.