Mtunza stoo alibofya Februari, mkurugenzi akasaini Oktoba

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo kaka Mwita amekuja na dili moja tu, na tutaifuata hatua kwa hatua, kutoka mbofyo wa tangazo la Google hadi saini. Kampuni yake inauza programu ya kusimamia stoo, mteja ni kiwanda kimoja Dar es Salaam, na mkataba ni shilingi milioni 48 kwa mwaka. Ripoti ilisemaje kuhusu matangazo?

MWITA: Ilisema matangazo hayakuleta kitu. Mkataba ulisainiwa Oktoba 9, na kwenye chanzo pameandikwa "ziara ya afisa mauzo". Wakubwa walishataka kupunguza bajeti ya Google. Nikaomba siku mbili nirudi nyuma.

ZUHURA: Ukakuta nini?

MWITA: Februari 11, mtunza stoo wa kiwanda kile alibofya tangazo, akajaza fomu kwa Gmail yake binafsi. Aprili 3, mhasibu akaulizia bei kwa barua pepe ya kampuni. Aprili 24, mhasibu mkuu na mtu wa kompyuta wakaonyeshwa programu. Aliyesaini ni mkurugenzi, ambaye hakuwahi kufungua tovuti yetu. Kutoka mbofyo hadi saini ni siku 240, na mfumo ulikuwa na rekodi za watu watatu wasiojuana.

ZUHURA: Kwa hiyo ukimfuata mtu mmoja mmoja, unapotea.

MWITA: Kabisa, dada. Anayebofya si anayesaini. Kinachofuatwa ni kampuni, na watu wote wananing'inizwa chini yake.

ZUHURA: Wengi huunganisha kwa kile kinachokuja baada ya @ kwenye barua pepe. Lakini huyu alitumia Gmail.

MWITA: Ndiyo maana napenda TIN. Mteja akiomba profoma, anatoa TIN, na hiyo haina tahajia mbili. Jina la kiwanda kile lilikuwa limeandikwa kwa namna tatu. Kabla ya profoma, mtu mmoja apitie fomu za Gmail kila wiki na kuziweka chini ya kampuni kwa mkono. Kazi inachosha, ila hakuna njia ya mkato. Kutambua kampuni kwa anwani ya IP hakusaidii hapa, maana mtu akitumia data ya simu, anwani ni ya mtandao wa simu, si ya mwajiri wake.

ZUHURA: Na mbofyo wenyewe unautunzaje miezi minane?

MWITA: Usiuachie kivinjari. Safari, kivinjari cha Apple, hufuta vidakuzi vinavyowekwa na msimbo wa JavaScript kwenye ukurasa baada ya siku 7 bila mtu kurudi, wakati mwingine mapema zaidi. Tangazo la Google likituma mtu kwako, kwa kawaida mwisho wa kiungo kuna `gclid`, alama ya kutambulisha mbofyo ule. Inase siku ileile kwenye sehemu iliyofichwa ya fomu, uihifadhi pamoja na tarehe.

ZUHURA: Lakini huku watu hawajazi fomu, kaka. Wanabonyeza kitufe cha WhatsApp.

MWITA: Na hapo ndipo nyuzi nyingi hukatika! Tovuti itengeneze namba fupi, iihifadhi pamoja na `gclid`, kisha iiweke kwenye ujumbe ulioandikwa tayari:

```
https://wa.me/<namba-ya-simu>?text=Habari,%20kumb.%20K4821
```

Afisa mauzo anaingiza K4821 kwenye rekodi ya mteja. Wapo wanaoifuta kabla ya kutuma, na hao tumewapoteza.

ZUHURA: Tuseme basi yote yameungana. Oktoba unairudishia Google taarifa ya mauzo, ili ijue mbofyo gani ulileta mteja?

MWITA: Inakataliwa. Google Ads haipokei tukio lililotokea zaidi ya siku 90 baada ya mbofyo. Kwa hiyo hatukungoja saini kwenye dili zilizofuata. Tunatuma hatua ya katikati: watu wawili au zaidi wa kampuni moja wameonyeshwa programu. Kwa kiwanda hiki ilikuwa siku ya 72, bado tungewahi.

ZUHURA: Na thamani? Hela bado haijaingia.

MWITA: Angalia kumbukumbu zako. Kwetu, kampuni 1 kati ya 5 zinazofika hatua hiyo hununua, kwa hiyo milioni 48 tunaituma kama milioni 9.6. Saini yenyewe inabaki kwenye ripoti yetu ya ndani.

ZUHURA: Msikilizaji atajuaje kwamba kwake nyuzi zimekatika?

MWITA: Atoe orodha ya dili zilizofungwa, kila moja na tarehe ya mguso wa kwanza wa kampuni. Kiwanda hiki kilionekana kimenunua ndani ya siku 9. Kiwanda chenye bodi na mhasibu mkuu hakinunui kitu cha milioni 48 kwa siku 9, kwa hiyo mwanzo haukuunganishwa.

ZUHURA: Na ile ziara ya afisa mauzo, unaifuta kwenye chanzo?

MWITA: Hapana, ibaki. Alikwenda kiwandani mara nne, na bila yeye mkurugenzi asingesaini. Nilichoongeza ni mstari wa Februari 11 juu ya ziara zake. Bajeti ya Google haikuguswa, na mtunza stoo sasa ndiye tunayempigia kwanza programu ikisumbua.