Potasiamu Katika Sahani ya Mgonjwa wa Figo

Mhadhara kwa wanafunzi wa lishe na tiba, Nairobi

Wanafunzi wenzangu katika taaluma hii, zoezi mlilopewa linasema mpange mlo wa siku moja wa mgonjwa wa figo au wa moyo ulioshindwa kusukuma damu ipasavyo, kwa kutumia vyakula vinavyopatikana sokoni kwetu. Leo nitashika mgonjwa mmoja tu: yule ambaye figo zake zimekwisha kushindwa na anasafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki.

Tumchukue mwanamume wa kubuni mwenye uzani wa kilo 60 baada ya kusafishwa, asiye na kisukari, anayetoa mkojo wa mililita 300 kwa siku, na anayekwenda kwenye mashine Jumanne na Ijumaa. Jumanne asubuhi, kabla ya kuunganishwa, potasiamu katika damu yake ni 6.2, ilhali kwa kawaida haifai kuzidi 5 na kitu. Kiwango hicho daktari lazima aarifiwe mara moja, kwa sababu potasiamu ikipanda huvuruga mapigo ya moyo, na mara nyingi mgonjwa hahisi lolote mapema. Tazameni pia kalenda: kutoka Ijumaa hadi Jumanne ni siku nne, na ndicho kipindi ambacho potasiamu hujilimbikiza zaidi.

Muulizeni alikula nini Jumatatu. Anasema asubuhi alikunywa chai ya maziwa na kula ndizi mbivu mbili, mchana akala sahani ya githeri na nusu parachichi, na usiku ugali kwa sukuma wiki iliyokaangwa kwa nyanya nyingi. Ndizi mbili zina takribani miligramu 800 za potasiamu, nusu parachichi karibu 500, na kikombe cha maharagwe yaliyopikwa karibu 700. Vitu hivyo vitatu tu vimefika 2,000, nasi kwa mgonjwa kama huyu kwa kawaida tunalenga siku nzima isizidi kati ya 2,000 na 2,500.

Hapa ndipo wengi wenu mnapopotoka. Mnaandika orodha ndefu ya makatazo, mnaondoa maharagwe, nyama, maziwa na mboga, na mgonjwa anabaki na ugali mtupu. Protini hupunguzwa kwa mgonjwa ambaye hajafikia mashine. Huyu wetu hupoteza protini kila anaposafishwa, hivyo anahitaji gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzani, yaani gramu 60 hadi 72 kwa siku, pamoja na kilokalori zipatazo 1,800 hadi 2,100. Mimi ningeanza na hesabu hiyo, kisha ndiyo nishughulikie potasiamu.

Kwa bahati njema, unga mweupe wa mahindi uliokobolewa na mchele vina potasiamu kidogo, kwa hiyo ugali na wali vinabaki. Asubuhi apate mkate, yai moja na chai yenye nusu kikombe cha maziwa. Mchana apate wali, gramu 80 za samaki aliyepikwa, na kabichi. Usiku ale ugali, gramu 70 za kuku aliyepikwa, na sukuma wiki. Yai, maziwa, samaki na kuku vinatoa gramu 50 hivi za protini, na nafaka zinajazia zilizobaki. Mafuta ya kupikia yaongezwe ili kilokalori zitimie.

Sukuma haikatazwi, ila upishi wake unabadilika. Ikatwe nyembamba, ichemshwe katika maji mengi, maji yamwagwe, ikamuliwe, ndipo ikaangwe kwa kitunguu na nyanya kidogo sana. Viazi navyo vimenywe, vikatwe vipande vidogo, na kuchemshwa vivyo hivyo. Potasiamu hupungua kwa takribani nusu. Kuviloweka vikiwa vizima hakusaidii sana, na mchuzi wa maji hayo usinywewe kamwe.

Ulizeni pia kuhusu magadi yanayolainisha githeri na mboga za kienyeji, kwani yana sodiamu, nayo huongeza kiu. Chumvi mbadala isiyo na sodiamu ni hatari zaidi, kwa sababu mara nyingi hutengenezwa kwa potasiamu. Mgonjwa wa moyo anayetumia dawa zinazozuia potasiamu kutoka mwilini aikwepe pia. Kwa mgonjwa wetu vinywaji vyote, uji na supu vikiwemo, visizidi mililita 800: 500 pamoja na kiasi cha mkojo wake.

Mkiona potasiamu haishuki ingawa mlo umefuatwa, msimlaumu mgonjwa haraka. Ulizeni kama alikosa siku ya mashine, kama amefunga choo, na dawa anazotumia. Wakati mwingine damu huharibika kwenye kichupa na kutoa jibu la uongo. Katika kazi mtakayowasilisha, andikeni kando ya kila mboga jinsi itakavyopikwa, na kando ya kila kinywaji idadi ya mililita.