Tatu Kasoro Nusu: Kuhesabu Saa za India Ukiwa Pemba

Assalamu alaykum, ndugu zangu wa Chake Chake.

Saa zetu ziko tatu mbele ya Grinichi na za India ziko tano na nusu, kwa hiyo wametutangulia kwa saa mbili na nusu. Nusu hiyo ina asili yake. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa moja, na India, kwa kuwa ni pana na ilitaka saa moja kwa nchi nzima, iliufuata mstari wa nyuzi 82 na nusu mashariki. Ukigawa kwa 15 unapata tano na nusu kamili.

Tulipokuwa na mgonjwa amelazwa Mumbai, daktari alituahidi kuzungumza nasi kwa simu saa kumi na robo jioni, kwa saa za kule. Kaka yangu alitoa saa mbili akapata saa nane na robo, kisha ile nusu iliyobaki, badala ya kuitoa nayo, akaijumlisha, akapata saa tisa kasorobo. Jawabu sahihi lilikuwa saa nane kasorobo. Tulipopiga simu, daktari alikwishaondoka wodini, na mama alikaa siku nzima hajui hali ya mwanawe.

Naomba tulitazame kosa hilo kwa makini, kwa sababu hujificha. Nusu iliyojumlishwa mahali pa kutolewa huzaa kosa la saa nzima, na kosa la saa nzima haliugusi mkono wa dakika: katika jawabu sahihi na la makosa, mkono ule umesimama kwenye tisa, basi jicho halishtuki. Njia ya kuligundua ni kurudi ulikotoka. Saa tisa kasorobo ukiiongezea mbili na nusu utafika saa kumi na moja na robo, wala si kumi na robo.

Lakini lililo bora ni kuhesabu kwa kasoro, kama tunavyosema kila siku. Mbili na nusu ni tatu kasoro nusu. Toa tatu katika kumi na robo, upate saba na robo. Umetoa kupita kiasi, basi rudisha nusu, nayo ni saa nane kasorobo. Nepal, iliyo saa tano na dakika 45 mbele ya Grinichi, tofauti yake nasi ni tatu kasorobo: hapo unarudisha robo tu. Ukihesabu kutoka kwetu kwenda kwao, ongeza tatu kisha punguza. Na hesabu yote ifanyike kwa saa zetu za Kiswahili. Kuchanganya na saa za kizungu katikati ya hesabu ndiko kunakoleta kosa la pili.

Usiku kuna jambo jengine. Saa saba za usiku kule, simu yao inaandika Jumanne. Kwetu ni saa nne na nusu, na simu yetu ingali Jumatatu. Mkiagana kwa kusema usiku wa kuamkia Jumanne, nyote mnakusudia usiku ule ule.