Kuondoa macho mekundu kwenye picha za flashi za usiku

Haya jamaa, karibuni. Picha ya leo ni ya sendofu, imepigwa usiku pale Kirumba, Mwanza. Bibi yuko katikati, shangazi amevaa kitenge chekundu, mjomba yuko kulia. Wamependeza kweli, ila macho ya bibi na shangazi yamekuwa mekundu, na jicho moja la mjomba linawaka manjano kama karabai ya wavuvi wa dagaa.

Gizani mboni hupanuka, na flashi ya simu iko karibu sana na lenzi. Mwanga unaingia moja kwa moja hadi nyuma ya jicho kwenye damu, unarudi ulikotoka ukiwa mwekundu. Mjomba alitazama pembeni kidogo, kwa hiyo mwanga umegonga pale neva ya jicho inapoanzia, na pale rangi yake ni ya manjano meupe. Kumbukeni hilo, maana dawa zake ni mbili tofauti.

Natumia GIMP, programu ya kompyuta ya kuhariri picha, ni ya bure. Fungua picha, tengeneza nakala, asili usiiguse. Vuta karibu mpaka jicho lijae kwenye skrini.

Bonyeza E upate kichaguzi cha duara. Kwenye mipangilio yake washa Feather edges, weka 2. Zungushia mboni ya kwanza. Sasa taratibu hapa: shikilia Shift KABLA hujabonyeza kipanya, ndipo uzungushie mboni ya pili. Ukibonyeza kipanya kwanza, Shift inafanya kazi nyingine, na jicho la kwanza linapotea bila kukuambia. Shift kwanza, kipanya baadaye.

Nenda Filters, Enhance, Red Eye Removal. Threshold inaanzia 0.4. Kwa bibi inatosha kabisa. Kwa shangazi umebaki utepe mwekundu ukingoni, napandisha hadi 0.5... ngoja, taa inarudi kwenye kioo, nisogeze kamera. Sawa, sasa mnaona. Utepe umeondoka, lakini kona ya jicho, ile nyama ya pinki karibu na pua, imekuwa ya kijivu. Duara langu lilitoka nje ya mboni. Ctrl+Z, narudia duara dogo zaidi. Na ndiyo maana hatuitumii hii bila kuzungushia kwanza: ingekula midomo ya bibi na kitenge cha shangazi.

Sasa mjomba. Ukitumia njia ileile, jicho linabaki linang'aa. Sababu ni kwamba kichujio kile huchukua wastani wa kijani na bluu na kuuweka mahali pa nyekundu. Mboni nyekundu ina kijani na bluu kidogo, ndiyo maana inakuwa nyeusi. Mboni ya manjano ina kijani kingi, kwa hiyo inabaki na mwanga wake.

Zungushia mboni yake inayowaka, kisha Colors, Saturation, shusha Scale hadi 0. Rangi imeondoka, mwanga bado. Sasa Colors, Levels, shika pembetatu ya KATIKATI chini ya Input Levels, peleka kwenye 0.20. Ya kulia msiiguse. Narudia, ya kulia msiiguse! Ya katikati inatia giza kilicho cha wastani: kwenye kipimo cha 0 hadi 255, mng'ao wa 180 unashuka hadi kama 45, lakini nukta nyeupe ya flashi iliyo 255 inabaki 255. Nukta ile ndiyo uhai wa jicho. Ukipaka brashi nyeusi juu ya mboni yote, mjomba atatoka na tundu usoni. Hiyo 45 mimi naipenda hivyohivyo. Nyeusi tupu haifanani na jicho.

Mbwa, paka na mbuzi wana tabaka linalorudisha mwanga nyuma ya jicho, wanatoa kijani au manjano. Nao watibuni kama mjomba.

Kuna mng'ao mmoja wa kusimama kwanza kabla ya kuufuta: mtoto mdogo mwenye jicho moja jekundu na la pili jeupe, na weupe huo unajirudia kwenye picha nyingine. Mara nyingine ni pembe ya kutazama tu, kama kwa mjomba. Lakini unaweza pia kuwa mtoto wa jicho, au retinoblastoma, saratani ya jicho inayowapata zaidi watoto walio chini ya miaka 5. Mwambieni mzazi ampeleke mtoto kwa daktari wa macho, Hospitali ya Bugando wapo, mapema, na abebe picha asili isiyosafishwa.

Kuhifadhi: Shift+Ctrl+E, andika jina jipya linaloishia na .jpg, Quality 95. Kabla hujachapisha bonyeza 1 uione kwa ukubwa wake halisi, kisha ifungue kwenye simu. Mboni moja ikionekana nyeusi kuliko mwenzake, rudi kwa Ctrl+Z hadi kabla ya Levels, kisha ifanye upya kwa jicho hilo moja, jaribu 0.25. Wanaotaka kuchapishiwa wanikute Makoroboi, mje na faili lenyewe. Iliyopita WhatsApp kama picha ya kawaida imeshabanwa, na mboni zinakuwa vipande vya mraba.